Mkunjo ambao jana haukuwa shida

Kumuuzia mtu dawa ya aibu uliyompa wewe mwenyewe, ni biashara au ni wizi? Swali hili lilitoka kwenye kikundi chetu cha vijana, baada ya dada mmoja wa miaka 19 kuuliza bei ya krimu ya kuzuia uzee. Miaka 19! Mkunjo hakuwa nao. Alikuwa na tangazo kwenye simu.

Nikawapa kisa cha Twiggy, mwanamitindo wa Uingereza aliyevuma sana miaka ya 1960. Mwaka 2009, akiwa na miaka kama 60, alitokea kwenye tangazo la krimu ya macho ya Olay, ngozi chini ya macho laini kama ya msichana. Yalipelekwa malalamiko zaidi ya 700, yaliyokusanywa na mbunge Jo Swinson. Kampuni ikakubali kwamba picha ilirekebishwa kidogo kuzunguka macho, yaani palepale krimu ilipotakiwa kufanya kazi! Chombo kinachosimamia matangazo kule kikasema picha inapotosha, isitumike tena.

Lakini walalamikaji walisema pia kwamba picha za namna ile zinawafanya wanawake wajione vibaya. Hapo chombo hakikukubaliana nao. Uongo ukahukumiwa, hofu ikaachwa ipite. Hilo ndilo linanisumbua, maana hofu unaweza kuijenga kwa maneno ya kweli matupu.

Soma kopo lolote. Mara nyingi halisemi "inaondoa mikunjo", linasema "inapunguza mwonekano wa mikunjo". Mzigo wote umebebwa na hilo neno mwonekano. Ngozi kavu ukiipaka mafuta inashika maji, inajaa kidogo, vile vimistari vidogo vinajificha kwa saa kadhaa, kisha vinarudi. Mafuta ya mgando ya kawaida nayo yanafanya hivyo, kwa hiyo kampuni haijasema uongo. Au utakuta "wanawake 8 kati ya 10 walikubali". Walikubali nini? Mara nyingi wameulizwa tu wanavyojiona, ngozi haikupimwa. Tafuta maandishi madogo chini uone waliulizwa wangapi.

Neno baya zaidi kwangu ni "dalili", kama wanaposema "pambana na dalili za uzee". Dalili ni neno la zahanati, tunalitumia kwa malaria. Ukiliweka kwenye uso wa bibi, umeshamfanya mgonjwa, wakati sisi uso ule tunauamkia shikamoo. Ugonjwa umepatikana kwanza, dawa inafuata na bei yake.

Yule dada akauliza, "Sasa kaka, hakuna kinachosaidia kabisa?" Kipo. Jua linachangia sana kukunja ngozi, hivyo kofia pana au kitenge cha kujifunika kinasaidia kiasi, ingawa mikunjo ya umri itakuja tu. Akasema kitenge anacho.