Jumla Mbili za Daftari la Chama

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakutuonya kwamba hata yenye daftari hupotea. Ijumaa, siku ya soko la Lubao ambalo limejipatia jina kwa biashara ya mbwa na kuku, pesa hupita mikononi kwa kasi, na chama kinachokutana jioni hiyo hupokea hisa, marejesho na faini kwa mkupuo. Katika vyama vingi mweka hazina huorodhesha kila kitu, kisha hujumlisha mara moja mwishoni. Kwa maoni yangu hapo ndipo udhaifu ulipo. Jumla ya mwisho inaweza kukuonyesha kwamba kuna kosa, lakini haikuambii liko wapi. Linalokuambia ni salio linaloandikwa kila mstari, muamala baada ya muamala.

Tuchukue mfano. Chama kinaanza mkutano na shilingi 12,400. Hisa ya 500 inaingia, salio 12,900. Hisa ya 350, salio 13,250. Rejesho la mkopo, 2,700, salio 15,950. Mkopo wa 5,000 unatolewa, salio 10,950. Hisa ya mwisho, 450, na salio linafunga 11,400. Sasa mtu mwingine, si yule aliyeandika, anajumlisha safu peke yake: yaliyoingia ni 4,000, yaliyotoka 5,000. Anachukua 12,400, anaongeza 4,000, anatoa 5,000. Anapata 11,400 ile ile. Nasisitiza mtu mwingine, kwa sababu mwandishi akinakili tu mstari wake wa mwisho na kuuita jumla, hajakagua chochote.

Tuseme mwandishi kwa uchovu aliandika 15,590 badala ya 15,950. Salio lake litafunga 11,040, huku safu zikitoa 11,400. Tofauti ni 360, nayo inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili zinazokaa pamoja zikibadilishana nafasi, tofauti huwa hivyo daima. Si ithibati, maana makosa mengine pia yanaweza kutoa namba kama hiyo, ila ni mahali pema pa kuanzia. Na ukurasa ukiwa na mistari 64 huna haja ya kuipitia yote. Jumlisha hadi mstari wa 32: jumla ikilingana na salio la hapo, kosa liko chini; isipolingana, liko juu. Endelea kugawa nusu, na baada ya hatua sita utakuwa umelifikia. Bila salio la kila mstari, hesabu nzima inarudiwa huku wanachama wakitazama giza linaingia.

Kuna atakayesema: si tuhesabu tu pesa zilizo sandukuni? Zihesabiwe, lakini baada ya jumla mbili kusomwa kwa sauti. Zikihesabiwa kwanza, mwandishi anajua jibu linalotakiwa na atalilazimisha daftari lifike pale. Isitoshe, katika kosa letu la 360 sanduku lilikuwa na 11,400 kamili. Aliyetegemea salio peke yake angeona shilingi 360 za ziada zisizo na mwenyewe, na pesa za namna hiyo hupata mwenyewe upesi.

Mwingine atasema M-Pesa imetuondolea kazi hii. Kweli, ujumbe wake hutaja salio jipya kila muamala, na hakuna anayelalamika kwamba ni kazi ya ziada. Lakini simu inajua pesa zilizopita kwake tu. Noti zilizotolewa mkononi haizijui, wala haijui kama ile 500 ilikuwa hisa au faini.

Hoja nzito zaidi ni kwamba jumla mbili zinaweza kukubaliana katika uongo. Rejesho la 2,700 likiingizwa kama 7,200, salio na safu zote zitasema 15,900, na ni sanduku litakalokuwa pungufu kwa 4,500. Tena rejesho lisipoandikwa kabisa na pesa zikaingia mfukoni, hata sanduku litakubali. Hapo shahidi aliyebaki ni kitabu cha mwanachama mwenyewe. Nakiri mipaka hiyo. Haiondoi faida ya ukaguzi, inatueleza tu kila kipimo kinapima nini.

Na anayeona kukagua ni kumshuku mweka hazina, nadhani amegeuza mambo. Vikundi vya akiba vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991 vilieneza utaratibu ambao wanachama hukariri salio mwisho wa mkutano na kulitaja mkutano unaofuata kabla pesa hazijahesabiwa. Mweka hazina ambaye hesabu yake imesomwa hadharani kila Ijumaa hana haja ya kujitetea Desemba wakati wa kugawana. Kwa hiyo wanachama wa Lubao, ongezeni safu moja zaidi kwenye daftari, juu yake muandike Salio, na mumteue wa kujumlisha safu ambaye si katibu wala mweka hazina.