Mteja Anapotaka Kuonekana Mtu wa Ofisi

Wanangu mnaojifunza cherehani hapa Gitega, nawaandikia kuhusu mteja ambaye mtakutana naye mara nyingi. Anaingia na koti la mtumba mkononi, anasema: "Fundi, nitengenezee nionekane mtu wa kazi, mtu wa ofisi." Akishasema hivyo ananyamaza, anasubiri uchukue mkasi. Usiuchukue. Hajakwambia bado jambo lolote ambalo mkasi unaweza kulifanya. Koti lina mikono, kola, mabega, ubavu na pindo, na yeye hajataja hata kimoja. Ni juu yako kumuuliza mpaka tamaa yake ifike kwenye sehemu hizo.

Muulize nguo hiyo ataivaa wapi, mbele ya nani, na muda mwingi atakuwa amesimama au ameketi. Muulize pia kilichomleta leo, kwa sababu mtu haondoki nyumbani na koti bila jambo. Huenda amepandishwa cheo, huenda ameitwa kwenye usaili, huenda kuna mtu kazini aliyemtazama kwa namna ambayo haikumpendeza. Kisha mwambie amfikirie mtu mmoja kazini kwake ambaye mavazi yake anayaheshimu, akwambie jicho lake hutua wapi kwanza akimwangalia. Swali la mtindo liache. Ukimuuliza anapenda mtindo gani atafungua simu akuonyeshe picha ya mwanamuziki, nanyi mtapoteza mchana mzima.

Aliwahi kunijia kijana kutoka Mutoyi, kule Bugendana, aliyekuwa akishika hesabu za ushirika. Alikuwa na koti jeusi na suruali yake, na alitaka vyote vibanwe mpaka vishike mwili. Nilipomuuliza nikajua kwamba baada ya wiki mbili angesoma hesabu mbele ya wanachama: angeketi mezani na karatasi zake, na mara moja moja angeinuka kuandika ubaoni. Nilipomuuliza kuhusu mtu anayemheshimu, akamtaja mwalimu wake wa zamani. "Alikuwa safi hapa," akasema, akishika shingo yake, kisha vifundo vya mikono. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Mtu anayesoma karatasi mezani huonekana kuanzia kifuani kwenda juu, pamoja na mikono yake, na kijana mwenyewe alikuwa amenionyesha palepale bila kujua.

Nikamvalisha vyote, pamoja na shati na viatu ambavyo angevivaa siku hiyo. Hili la viatu msilisahau, maana pindo lililopimwa mtu akiwa na kandambili halitakaa sawa juu ya kiatu chenye kisigino. Nikamwacha asimame mikono ikining'inia, nisimwambie ajinyooshe, kwani mtu akijinyoosha mbele ya kioo unampima mtu mwingine. Mikono ya koti ilifika kwenye shina la kidole gumba, na ya shati ikapotelea ndani. Kola ya shati ilimkaa vizuri shingoni ila ilikuwa imechanika nyuzi pale inapokunjwa. Suruali ilirundikana juu ya viatu. Mabega yalimkaa sawasawa, na kwa hilo nilishukuru.

Bega ndilo mnalopaswa kulitazama kabla ya chochote. Likiwa limetokeza nje ya bega la mtu kwa sentimita 2 au 3, kulirudisha ni kufumua mkono, bitana na pedi, na mara nyingi koti halirudi lilivyokuwa. Mwambie mteja ukweli, atafute koti jingine. Ubavu una nafasi zaidi, lakini nayo ina mwisho: ukibana sana, mifuko inavutwa kuelekea mgongoni. Kiuno cha suruali nacho, ukipunguza kwa nyuma zaidi ya sentimita 5 hivi, mifuko ya makalio inasogeleana mpaka kila mtu anaona. Na mteja akitaka kutanua, geuza nguo kwanza uone kitambaa kilichobaki ndani. Kwenye mtumba, nje kumeshapauka kwa jua na sabuni huku ndani kukiwa na rangi yake ya mwanzo, kwa hiyo ukiachia mshono utatokea mstari mweusi ambao hakuna pasi itakayoufuta.

Kijana alisisitiza koti libanwe. Nililishika kwa pini kama alivyotaka, nikamfungisha kifungo, nikamketisha. Mikunjo ikatoka pande zote za kifungo na kuvuka tumbo, akaiona mwenyewe. Nikalegeza pini mpaka mikunjo ikaisha, ikabaki sentimita 1 na nusu kila upande. Kisha nikamwambia ainue mkono kama anayeandika ubaoni, na koti zima likapanda naye. Kwapa la koti lile lilikuwa limekatwa chini sana, na hilo halishoneki. Nikamwelekeza afungue kifungo kabla ya kuinuka. Ushauri wa namna hiyo nao uandikeni, ni sehemu ya kazi yenu.

Ndipo nikafungua daftari. Mikono ya koti ipande sentimita 4, ili shati litokeze sentimita 1. Kola ya shati ifumuliwe na kugeuzwa, upande mzima uje juu. Suruali ipande sentimita 5, iguse kiatu mbele na kushuka kidogo nyuma. Ubavu, sentimita 1 na nusu kila upande. Kila jambo liliandikwa na sehemu yake, kipimo chake na bei yake, nikamsomea. Alikuwa na fedha za mambo matatu. Kwa kuwa nilijua angeketi mezani, niliweza kumwambia bila kusita kwamba ubavu ungoje. Angekuwa mtu wa kupokea wageni mlangoni, ningeanza na suruali na ubavu, na kola ningeipa nafasi ya mwisho.

Angalieni vifungo vya mkono wa koti kabla ya kutaja bei. Kwenye lile koti matundu yalikuwa ya mapambo tu, hayakukatwa, kwa hiyo nilipandisha mkono kutoka chini na kusogeza vifungo. Matundu yakiwa yamekatwa kweli, sentimita 4 zitakula tundu la kwanza, na itabidi mkono ufumuliwe begani na kupunguzwa kutoka juu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa na ina bei nyingine.

Suruali ikiwa ya pamba ifuliwe kabla ya kukata pindo, la sivyo itaruka baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Ukiwa na shaka na kitambaa, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kipunje kigumu. Vyote viwili vipigwe pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, hasa kwa pasi ya mkaa. Koti jeusi lililopigwa pasi moja kwa moja hung'aa viwikoni, na mng'ao huo ni vigumu kuuondoa.

Siku ya kuchukua, mpige mteja picha kwa simu yake mwenyewe, hatua tatu mbali, mara moja akiwa amesimama na mara moja ameketi. Shikeni daftari, mpitie mstari kwa mstari mkilinganisha na picha. Akianza kutaja jambo jipya, liandikeni kwenye ukurasa mwingine na bei yake. Na kile kitambaa mlichopandisha kwenye suruali msikikate chote. Acheni sentimita 4 zimekunjwa ndani, maana suruali hiyo huenda ikaja kuvaliwa na mdogo wake aliye mrefu kumzidi.