Kuthibitisha bila shaka kwamba alikuwa na shaka

Kiswahili kinatupa hapa mchezo wa maneno ambao wanasheria wa Kiingereza hawana. Katika kesi ya utakatishaji wa fedha nchini Uingereza, mwendesha mashtaka anaweza kujikuta na kazi hii: athibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba mshtakiwa alikuwa na shaka. Si kwamba alijua, alikuwa na shaka tu. Mahakama iwe na uhakika kamili kuhusu kutokuwa na uhakika kwa mtu mwingine, tena siku fulani, saa fulani, fedha zilipopita mkononi mwake.

Sheria yao ya mwaka 2002 kuhusu mapato ya uhalifu inataka mambo mawili yakutane. Kwanza, mali yenyewe iwe kweli imetokana na uhalifu. Ukidhani noti ni za wizi kumbe ni mshahara halali wa mtu, hujatakatisha kitu, hata kama moyo wako ulikuwa mchafu kiasi gani. Pili, uwe unajua au unashuku kwamba ni za uhalifu. La kwanza huthibitishwa kwa nyaraka, mashahidi na mazingira, na upande wa mashtaka haulazimiki kuonyesha ni wizi upi au rushwa ipi hasa, mradi mazingira yasiache maelezo mengine ya maana. Dalili ya mvua ni mawingu. La pili ndilo linalotuhusu sisi tunaosoma riwaya, maana ni swali la nini kilikuwa ndani ya kichwa cha mtu.

Sasa, kushuku ni nini? Sisi tuna wasiwasi, dhana, shaka, tuhuma, na kila moja lina uzito wake. Wasiwasi hauhitaji sababu, unaweza kuamka nao asubuhi. Tuhuma inakaribia kabisa kunyoosha kidole. Waingereza walikwama hapo hapo mwaka 2006, katika kesi wanayoiita Da Silva. Mwanamke alishtakiwa, chini ya sheria ya zamani yenye maneno yale yale, kwamba alimsaidia mtu mwingine kubaki na faida ya uhalifu huku akijua au akishuku. Jaji wa kesi aliwaeleza raia wa juri kwamba hata fununu tu, hata wazo lililopita kichwani na kuondoka, linatosha kuitwa kushuku.

Mahakama ya Rufani ilisema hapana, hapo jaji alikosea. Kushuku, ikasema, ni kufikiri kwamba kuna uwezekano, ulio zaidi ya ndoto za mchana, kwamba jambo hilo lipo. Hali ya kutotulia tu moyoni haitoshi. Ikaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo lenye hekima kuliko yote: mtu anaweza kushuku, kisha akalitafakari na kuliondoa kwa moyo mkweli, na inapokuwa hivyo juri waambiwe kwamba shaka inayohesabika ni ile iliyotua, siyo ile iliyoruka. Lakini ikakataa ombi la wakili kwamba shaka lazima iwe na misingi ya busara. Sheria haikuandika hivyo, wakasema, kwa hiyo hatuwezi kuongeza. Na pamoja na kosa la jaji, rufaa ya yule mama ikashindwa, kwa sababu mazingira ya kesi yake hayakuacha nafasi ya kusema kwamba juri wangeamua vingine.

Kukataa huko kuna gharama. Ikiwa shaka haihitaji sababu nzuri, basi mwenye roho ya wasiwasi anabeba mzigo mkubwa kuliko mzembe. Karani mwangalifu, anayeona kivuli kila mahali, akipitisha fedha kimyakimya na fedha hizo zikaja kuwa chafu kweli, ana hatia. Jirani yake asiyefikiri lolote, anayegonga mihuri huku akipiga soga, hana. Kwa nini tumuadhibu mtu kwa kuwa macho?

Gharama nyingine inamwangukia mwenye fedha. Kati ya mwaka 2006 na 2007, mfanyabiashara mmoja mwenye makazi Zimbabwe aliiagiza benki yake kubwa ya Uingereza kufanya miamala kadhaa, na benki ikaichelewesha. Mtumishi wake alishuku, akatoa taarifa kwa mamlaka kama sheria inavyotaka, na wakati wa kusubiri ruhusa benki haiwezi kugusa fedha. Mteja alisema kuchelewa huko, na benki kugoma kumweleza sababu, kulimletea balaa na serikali ya kwao. Akadai zaidi ya dola milioni 300. Mwaka 2012 mahakama ikampa ushindi benki. Haikumlazimu kuthibitisha kwamba shaka yake ilikuwa na mantiki, ilitosha kwamba aliyeshuku alishuku kweli. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mteja. Mtu usiyemjua alihisi kitu, na hisia yake ikawa na nguvu kuliko akaunti yako.

Huku kwetu waandishi wa sheria walichukua njia nyingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2006 inamgusa mtu anayejua, au aliyepaswa kujua, kwamba mali ni zao la kosa. Ya Kenya ya mwaka 2009 inasema karibu hivyo hivyo: aliyejua, au aliyepaswa kwa busara kujua. Ukiisoma haraka unaona ni jambo moja, lakini swali limegeuzwa. Uingereza inauliza kilichokuwa moyoni mwako. Sisi tunauliza ambacho mtu mwenye akili timamu, akisimama ulipokuwa umesimama wewe, angekiona. Mzembe hapati tena kinga ya uzembe wake. Ila mtu anaweza kuitwa mhalifu ingawa kichwani mwake hakukuwa na kitu, na hilo si dogo katika nchi ambayo kwa miaka mingi shtaka la utakatishaji halikuwa na dhamana. Kabla mahakama haijaamua kama ulipaswa kujua, unaweza kuwa umeshakaa mahabusu muda mrefu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone inavyokwenda. Mwanaidi ana duka la vitenge Tanga. Akaunti ya duka kwa kawaida huingiza kama shilingi 600,000 kwa wiki. Shemeji yake ni afisa manunuzi wa halmashauri. Siku moja anamwambia, shemeji, akaunti yangu ina matatizo, kuna hela ya kiwanja itapitia kwako. Ndani ya wiki nne zinaingia mara nne shilingi 9,500,000, jumla 38,000,000, na kwenye karatasi za benki mwenye kuweka ni kampuni ya ujenzi. Kila mara Mwanaidi anazitoa taslimu na kumkabidhi. Mwishoni anaachiwa 500,000 za sabuni. Baadaye inagundulika kampuni ile ndiyo iliyopewa zabuni ya makalavati ya halmashauri, na zabuni ilipita mezani kwa shemeji.

Kwamba fedha ni za rushwa, mwendesha mashtaka ataonyesha kwa zabuni, tarehe, na kiwanja ambacho hakipo. Kwamba Mwanaidi alizipokea na kuzitoa, benki inasema yenyewe. Kinachobaki ni kichwa chake. Kwa kipimo cha "alipaswa kujua", kesi inaonekana rahisi mno: kiasi hakilingani na duka, jina la kampuni liko kwenye karatasi, kazi ya shemeji anaijua, fedha zinatoka taslimu ilhali kiwanja kingeweza kulipwa kwa hundi. Nani asingeona?

Lakini hapa ndipo ninapomshuku huyo mtu wa busara wa kwenye vitabu vya sheria, maana sijui ni wa wapi. Je, ana mashemeji? Kwetu kumuuliza mume wa dada yako hela umeipata wapi si swali, ni tusi. Akikujibu "kumbe unanishuku?" umeshavunja kitu ambacho kikao cha wazee kitachukua mwaka kukiunga. Mwanaidi anaweza kunyamaza kwa sababu ya heshima, na anaweza kunyamaza kwa sababu ya zile laki tano. Kwa nje ukimya ni ule ule. Kipimo cha nje hakitofautishi, na cha ndani hakifikiki.

Mimi nadhani kuna swali la tatu, na Kiswahili kina jina lake tayari: je, alijitia hamnazo? Anayejitia hamnazo si mjinga. Ameona mawingu, akaamua kutotazama juu. Afrika Kusini wameliandika hilo katika sheria yao ya mwaka 1998: ukiamini kuna uwezekano wa maana kwamba jambo lipo, na ukaacha kutafuta habari ya kulithibitisha au kulikanusha, unahesabiwa kuwa ulijua. Lawama hapo haiwi juu ya kutojua, wala juu ya wasiwasi unaokuja bila hodi. Inakuwa juu ya kitendo, yaani kuacha kuuliza huku ukiwa na cha kuuliza.

Na kitendo huacha alama. Rudi kwa Mwanaidi. Tuseme kwenye simu yake wanakuta ujumbe wa wiki ya pili: "Shemeji sitaki kujua ni za nini, ila usizilete zote siku moja." Mtu asiye na shaka haandiki sentensi hiyo. Nusu ya kwanza inaonyesha aliona kuna kitu cha kujua, nusu ya pili inaonyesha alikuwa anawakwepa watu wa benki. Kwa ujumbe huo angefungwa Tanga, Nairobi, Johannesburg na London, na mimi nisingemlilia. Mwendesha mashtaka mzuri hutafuta vitu vya namna hiyo: sababu iliyobadilika kati ya maelezo ya polisi na ya mahakamani, risiti iliyoandikwa baada ya tukio, uongo aliomwambia mtu wa benki alipoulizwa.

Sasa geuza. Hakuna ujumbe. Badala yake wiki ya pili Mwanaidi alimpigia dada yake, wakashauriana, akamwendea shemeji na kumuuliza kwa adabu kwa nini kampuni ya ujenzi inalipia kiwanja. Akaonyeshwa mkataba wa mauziano wenye muhuri na sahihi, wa kughushi, uliotengenezwa vizuri. Akatulia. Huko London shaka yake ilikuja na ikaondolewa kwa moyo mkweli. Afrika Kusini hakuacha kutafuta. Kwetu, kwa maneno ya sheria, bado hakimu anaweza kumwambia kwamba mtu wa busara angeuliza tena: kama ni kiwanja, mbona fedha zinatoka taslimu, mara nne, na mbona wewe umeachiwa laki tano? Ningependa kumwona hakimu huyo akiyauliza maswali hayo mbele ya shemeji yake mwenyewe.