Asiyekuwapo na Lake Lipo

Methali husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Maneno haya yana nguvu barazani, ambako shauri hukatwa mbele ya waliohudhuria. Walakini yakipelekwa katika chumba cha usaili wa kazi huzua swali ambalo methali haikulijibu. Mtu aliyeitwa kwa siku na saa maalumu, akakosa kuonekana, je, amepoteza haki yake? Na mwajiri akimwandikia kwamba amewekewa nafasi moja zaidi, je, amempa haki, amemfanyia hisani, au amewadhulumu wale waliokuja kwa wakati? Swali hili huonekana dogo kwa kuwa ujumbe wenyewe hauzidi mistari kumi. Lakini katika mistari hiyo mtu mmoja humhukumu mwingine asiyemwona, kwa kosa ambalo sababu yake haijui.

Na utazamwe mfano mmoja. Kampuni ya Dar es Salaam ilihitaji mtunza ghala. Waombaji watano walichaguliwa kusailiwa siku ya Jumanne, kila mmoja kwa dakika arobaini. Wanne walikuja. Wa tano, mwanamke wa Morogoro mwenye vyeti vizuri na miaka sita ya kazi ya ghala, hakuonekana. Zamu yake ilikuwa ya kwanza, saa tatu asubuhi. Jopo la watu watatu lilimngoja dakika ishirini. Afisa ajira akampigia simu mara mbili, na simu haikupatikana. Katika orodha, mbele ya jina lake, pakaandikwa neno moja: hakuhudhuria.

Jioni ile afisa ajira, binti mwenye bidii na mwenye uchovu wa siku nzima, aliandika ujumbe. Ulisema hivi: umekosa kuja katika usaili bila ya taarifa, jambo hili laonyesha kutojali, hata hivyo tumeamua kukupa nafasi ya mwisho, eleza kwanza sababu ya kutokuja kwako. Kabla ya kuupeleka alimwonyesha mwenyekiti wa jopo, mzee aliyekuwa karibu kustaafu. Mzee alisoma, akauliza, "Binti yangu, kutokuja kwake umekuona. Kutojali kwake umekuona wapi?"

"Sikukuona, mzee," alijibu, "ila asiyejali hufanya hivi hivi."

"Na mgonjwa hufanyaje? Na aliyefiwa? Na ambaye barua yetu haikumfikia?"

Binti hakuwa na jibu, na kutokuwa na jibu ndiko mwanzo wa busara katika jambo hili. Kiti kitupu husema neno moja tu, nalo ni kwamba mtu hayupo. Hakisemi kwa nini. Wako watu wa namna nne ambao wote huacha kiti kitupu kilicho sawa. Yuko aliyezuiwa, kama mgonjwa, au mtu ambaye gari lake limeharibika njiani. Yuko ambaye wito haukumfikia, au ulimfikia umepotoka. Yuko aliyeghairi, pengine kwa kuwa amekwisha pata kazi nyingine, akaona haya kusema. Na yuko aliyepuuza. Mwandishi wa ujumbe hajui yupi kati yao atausoma. Kwa hiyo hapana budi auandike kwa namna ambayo wote wanne waweza kuusoma, na asiwepo hata mmoja aliyeonewa. Ujumbe wa kwanza ulimfaa mmoja tu wa nne, na ukawatukana watatu.

Usiku uliopita kati, hasira ilipoa, na Jumatano asubuhi ujumbe mwingine uliandikwa. Maneno yake yalikuwa haya:

"Ndugu, tulikutarajia jana, Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa usaili wa kazi ya mtunza ghala. Hatukubahatika kukuona, na simu yako haikupatikana. Kazi hii bado haijapewa mtu. Ikiwa ungali unaihitaji, tumekuwekea nafasi moja zaidi: Ijumaa ya wiki hii, saa tano kamili asubuhi, ofisini petu, ghorofa ya pili. Jopo ni lile lile, na muda ni ule ule wa dakika arobaini. Tafadhali tujibu kabla ya kesho, Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Ikiwa huihitaji tena, neno moja la kutuarifu litatosha. Tusipopata jibu kufikia saa hiyo tutaendelea na uamuzi, wala hatutaweza kupanga siku nyingine. Ikiwa kuna jambo la upande wetu linalokuzuia kufika, tuambie."

Ujumbe huu una tabia tatu zinazostahili kupimwa.

Tabia ya kwanza ni kwamba unataja tendo, hautaji sifa. Unasema kwamba mwombaji alitarajiwa na hakuonekana, mambo mawili yanayoweza kuthibitishwa na orodha. Hausemi kwamba yeye ni mzembe, neno ambalo hakuna orodha iwezayo kulithibitisha. Kadhalika haumlazimishi kutoa sababu. Hapo wengi watapinga, wakisema kwamba mtu aliyekosa ahadi anawiwa maelezo. Pingamizi hilo lina uzito, kwa maana maelezo ni adabu, na mwenye adabu aghalabu huyatoa bila kuulizwa. Lakini kuyadai ni kumweka mtu kati ya mambo mawili mabaya: aseme uongo ili apendeze, au afunue siri ambayo mwajiri hana haki nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza ubaguzi kwa sababu kama ujauzito, ulemavu na majukumu ya kifamilia, na katika fungu hilo mwombaji wa kazi huhesabiwa pamoja na mfanyakazi. Mwajiri amwulizaye mwanamke kwa nini hakuja, akajibiwa kwamba alikuwa kliniki ya wajawazito, amejitwika habari ambayo hawezi tena kujifanya haijui. Akimnyima kazi kwa sababu ya haki kabisa, ni nani atakayeamini?

Tabia ya pili ni mpaka. Nafasi ni moja, siku ni moja, saa ni moja, na mwisho wa kujibu umetajwa pamoja na litakalotokea jibu lisipokuja. Wako wadhanio kwamba mpaka hupunguza wema. Kinyume chake ndicho kweli. Ujumbe usemao, tuambie siku yoyote itakayokufaa, humwacha mwombaji asijue anangojwa mpaka lini, na huwaacha wale wanne wakingoja matokeo bila kujua wanachongojea. Tena mpaka ndio humtenga aliyepuuza na wenziwe bila ya mtu kumshitaki. Aliyezuiwa atajibu, ambaye wito haukumfikia atashangaa na kujibu, aliyeghairi amefunguliwa mlango wa kutoka kwa neno moja bila fedheha. Atakayenyamaza tena amejihukumu mwenyewe, na mwajiri hakuhitaji kutamka hukumu.

Tabia ya tatu ni uangalifu juu ya wale waliokuja, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Wanne waliamka alfajiri, wakaomba ruhusa makazini, wakalipa nauli. Je, hawakudhulumiwa wa tano anapoitwa tena? Walidhulumiwa ikiwa yeye atapewa kitu ambacho wao hawakupewa: maswali mepesi zaidi, muda mrefu zaidi, au jopo lililokwisha kuelemea upande wake. Hawakudhulumiwa ikiwa maswali, muda, wasaili na karatasi ya alama ni vile vile, na alama za wanne zimekwisha andikwa na kufungwa kabla yeye hajaingia. Kazi haikuwa tuzo ya kufika mapema; ilikuwa ya yule aliye hodari kuliko wenziwe katika kutunza ghala. Bado lipo sharti moja. Kanuni hiyo iwe ya kila mtu. Mwajiri amwandikiaye tena mwenye vyeti vinavyong'aa, akamwacha mwenye vyeti vya kadiri aliyekosa siku ile ile, hakufanya huruma bali upendeleo, ijapokuwa maneno ya ujumbe wake ni matamu. Na ikiwa kazi imekwisha ahidiwa mtu mwingine, kumwita wa tano ili orodha itimie ni uongo unaomgharimu maskini nauli.

Kanuni hii ina kikomo. Pale ambapo mamia huitwa siku moja kufanya mtihani mmoja wa kuandika, siku ya pili huhitaji mtihani wa pili, kwa kuwa maswali ya kwanza yamekwisha enea mitaani. Hapo mwajiri aweza kwa haki kukataa kurudia, mradi ametangaza hivyo tangu mwanzo. Lakini watu watano na jopo la watatu si mamia, na dakika arobaini za Ijumaa si mzigo usiochukulika.

Jibu la mwanamke wa Morogoro lilifika kabla ya adhuhuri ya Jumatano. Alishukuru, akaahidi kuja, kisha akaongeza kwa upole kwamba Jumanne alikuwa amefika. Alifika saa tisa kasoro robo alasiri, baada ya safari ya karibu kilomita 200 kwa basi. Mlinzi wa mlangoni alimwambia kwamba usaili umekwisha na wakubwa wameondoka. Alidhani kazi imepewa mtu naye amefanyiwa mzaha, akarudi stendi bila kusema neno. Afisa ajira alifungua barua ya wito aliyoipeleka wiki iliyopita. Ilikuwa ya Kiswahili, na ndani yake imeandikwa: Jumanne, saa 9:00. Tarakimu hizo zilinakiliwa kutoka kalenda ya kompyuta, ambako 9:00 ni saa tatu asubuhi. Lakini msomaji wa Kiswahili aonaye saa 9:00 husoma saa tisa, na neno asubuhi halikuwapo. Wale wanne walikuwa wamepigiwa simu siku ya kuamkia usaili, wakatajiwa saa kwa mdomo. Yeye peke yake aliachiwa tarakimu.

Basi kosa lililoandikwa mbele ya jina lake lilikuwa la ofisi. Kama ujumbe wa kwanza ungepelekwa, mtu aliyesafiri siku nzima kwa kutii barua angesoma kwamba yeye ni mtu asiyejali, na afisa angelazimika kuomba radhi kwa neno ambalo halikuhitajika kusemwa. Ujumbe wa pili haukuhitaji kufutwa hata herufi moja. Ulikuwa kweli kabla ya sababu kujulikana, na ulibaki kweli sababu ilipojulikana.

Hapo ndipo swali la mwanzo hupata jibu lake. Madhali mwitaji hana hakika kwamba wito wake ulifika salama na ulieleweka, nafasi ya pili si hisani. Ni deni lake mwenyewe asilojua kama analo. Akiwa na hakika, nafasi hiyo yaweza kuitwa hisani, na hisani haidaiwi. Lakini ni mara chache mwitaji huwa na hakika hiyo, na njia ya kuipata ni moja: kabla ya kumpima aliyekosa kuja, aisome upya barua aliyomwitia. Ijumaa saa tano kamili jopo lilikaa. Katika orodha, neno hakuhudhuria lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake afisa ajira ameandika kwa mkono wake: aliitwa vibaya.