Uangavu wa Neno ni kwa Nani? Wajibu wa Mwenye Kuunda Istilahi

Wanafunzi wa isimu tumezoea kuuliza kama istilahi fulani imeundwa vizuri. Tunauliza kama ni sahihi, kama ni fupi, kama inaweza kuzaa maneno mengine, na kama watumiaji wameikubali. Ni mara chache tunauliza swali la kimaadili: je, anayeunda neno anawajibika kwa hasara ya mtu aliyepotoshwa na neno hilo? Katika insha hii nataka kutetea jibu la ndiyo. Nitatumia dhana moja tu ya kiteknolojia ambayo hadi sasa haina jina lililotulia katika Kiswahili cha kwetu, yaani ile namba fupi inayotumwa kwenye simu ili itumike mara moja na kufa baada ya dakika chache.

Nianze na mahali ninapotoka, kwa kuwa hoja yangu inategemea mahali. Mulanda iko katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kipadhola. Ukielekea mpakani Busia unakutana na Kisamia, na ukielekea Malaba unakutana na Kiteso. Kiswahili tunakipata sokoni, kwa madereva wa malori, na sasa shuleni. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo istilahi inayoundwa Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi hutufikia sisi ambao hatukunyonya lugha hii kwa mama zetu.

Sasa tuiangalie dhana yenyewe. Mtu akitaka kuhamishia akaunti ya WhatsApp kwenye simu mpya, huandika namba yake ya simu, kisha kampuni hutuma tarakimu sita kwenye laini hiyo. Anayezijaza tarakimu hizo anahesabiwa kuwa ndiye mwenye laini, naye hufunguliwa. Mabenki nayo hutumia utaratibu kama huo. Tapeli anaujua vyema. Huandika namba yako kwenye simu yake, tarakimu zinaingia kwenye simu yako, halafu anakupigia akuombe umsomee. Ukimsomea, akaunti inahamia kwake, naye anaanza kuwaandikia ndugu zako kwa jina lako akiomba pesa.

Shangazi yangu anauza dagaa katika soko la mpakani Busia. Aliyempigia alimwambia kwa heshima zote: "Mama, mimi sikuombi pini. Pini ni siri yako, usimpe mtu. Nisomee tu ile kodi iliyoingia sasa hivi." Shangazi alisoma. Nilipomuuliza alichoelewa, alinijibu, "Mwanangu, kodi si ndiyo ile tunayolipa kila siku? Nikadhani ni namba ya risiti." Hakuwa mjinga wala mzembe. Alishika onyo alilofundishwa tangu pesa za simu zilipoingia Uganda mwaka 2009, kwamba asitoe namba ya siri, na hakuitoa. Alichoombwa hakikuwa na jina lililobeba onyo lolote.

Hapo ndipo tunapoweza kuzipima njia tatu tunazofundishwa: kukopa, kunyambua na kuambatanisha. Tukizipima kwa mfano huu, naona kwamba kila njia humwahidi msikilizaji kitu tofauti.

Neno la kukopa halimwahidi kitu. Linamwambia tu kwamba jambo hili limetoka kwingine na kwamba maana yake ataipata kwa kulizoea. Mimi sioni ubaya katika hilo. Kompyuta imelishinda neno tarakilishi katika vinywa vya wengi, hata kama tarakilishi imeundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili. Hatari inakuja pale neno la kukopa linapoangukia kiti kilichokaliwa. Kodi ya Kiswahili ni malipo ya serikali, au ya nyumba. Nchi kavu kabisa, mbali na forodha, mgongano huo ungeweza kuwa kichekesho. Mpakani, ambapo mchuuzi hudaiwa kodi na ushuru kila siku, mgongano huo unampa tapeli mlango wa kupitia.

Neno la kunyambua humwahidi msikilizaji ukoo. Akijua kitenzi, ataweza kulifikia jina, mtendaji na kifaa. Televisheni za kidijitali zilipoingia Tanzania, kisanduku kilichohitajika kiliitwa king'amuzi, kutoka ng'amua, na baadaye kisimbuzi, kutoka simbua. Yote mawili yameundwa kwa kufuata kanuni. Lakini jirani yangu wa Mulanda ambaye hajawahi kusikia ng'amua wala simbua hapati mwanga wowote kutoka kwenye mzizi. Kwake maneno hayo ni mageni sawasawa na neno la Kiingereza. Vivyo hivyo, tukisema msimbo, tumeepuka kodi, lakini hatujamfikia shangazi.

Kiingi, mtaalamu wa Uganda ambaye vigezo vyake vya PEGITOSKA tunavisoma darasani, ameweka uangavu miongoni mwa sifa za istilahi bora. Nakubaliana naye, ila nadhani kigezo hicho hakijakamilika hadi tuulize: uangavu kwa nani? Neno si angavu peke yake kama kioo. Huwa angavu kwa mtu mwenye mizizi fulani kichwani mwake.

Neno la kuambatanisha huahidi zaidi ya yote, kwa kuwa linajieleza. Kwa sababu hiyo ndilo lenye uwezo mkubwa zaidi wa kudanganya. Kwenye simu nyingi namba hii huitwa nambari ya kuthibitisha. Ni Kiswahili safi. Lakini nani anamthibitishia nani? Jina limetolewa upande wa kampuni, ambayo kweli inathibitisha. Upande wa mwenye simu, namba hiyo inafungua. Tapeli akisema, "Nithibitishie kwa kunisomea hiyo nambari," amelitumia neno kwa maana yake halisi, na jina lenyewe limemsaidia.

Kuna mwenzangu aliyenipinga tulipojadili jambo hili. Alisema uhusiano wa neno na kitu ni makubaliano tu, na kwamba watu wakifundishwa vizuri, jina lolote litafaa. Ni hoja nzito, na kwa muda mrefu wa maisha ya neno ni ya kweli. Hakuna anayefikiria upepo au kupepea kila anapotuma barua pepe. Lakini neno jipya huwa na kipindi kabla ya mazoea, na katika kipindi hicho msikilizaji hana kingine cha kushika ila umbo la neno. Tuna ushahidi mzito zaidi ya huu wa simu. Ugonjwa ulioanza kuonekana kusini mwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliitwa na watu silimu, yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliuandikia makala ya kitabibu kwa jina hilo. Jina lilitaja dalili ya nje. Lilimruhusu msikilizaji kudhani kwamba mtu aliyenona yuko salama. UKIMWI, ambalo ni ufupisho wa Ukosefu wa Kinga Mwilini, linataja kinachotokea ndani na halisemi lolote kuhusu sura ya mtu. Sidai kwamba jina liliokoa watu peke yake. Nadai kwamba la kwanza lilielekeza macho pasipofaa, na la pili halikufanya hivyo.

Basi tuiite nini namba yetu? Namba ya siri haitufai, kwa kuwa tayari ni jina la ile ya kudumu, na tukiita vitu viwili kwa jina moja hatutaweza kumfundisha mtu tofauti yake. Nywila nalo limeshapewa kazi kama hiyo ya kudumu. Pendekezo langu ni kuanza na ufunguo. Limenyambuliwa kutoka fungua, kitenzi ambacho mtoto wa Mulanda hukisikia siku ya kwanza ya somo la Kiswahili mwalimu anaposema fungueni vitabu. Kila mtu anajua kwamba ufunguo haumpi mgeni.

Nilijaribu kwanza ufunguo wa mara moja. Kasoro yake ilijitokeza nilipoliweka katika sentensi. Mara moja ina maana mbili: isiyorudiwa, na bila kuchelewa. "Nitumie ufunguo wa mara moja" inaweza kusikika kama agizo la haraka, na haraka ndiyo silaha ya tapeli. Tukiongeza neno dogo mwishoni, ufunguo wa mara moja tu, maana ya haraka inaondoka. Wingi wake ni funguo za mara moja tu, na upatanisho wa kisarufi hausumbui.

Wataalamu wataona urefu wake, na wana haki. Urefu huo utakatwa na wasemaji wenyewe. Ndiyo maana napendekeza kipimo kimoja zaidi: istilahi ya kuambatanisha ipimwe kwa kipande kitakachobaki baada ya watu kuifupisha. Nambari ya kuthibitisha ikikatwa inabaki nambari, ambayo haimwonyi mtu. Ufunguo wa mara moja tu ukikatwa unabaki ufunguo. Tutapoteza usahihi kiasi, kwa kuwa ufunguo wa kawaida hufungua tena na tena, na pia kwa sababu wanaosoma usalama wa kompyuta wana dhana nyingine wanayoiita ufunguo. Mtaalamu ana muktadha na vitabu vya kumwondolea utata huo. Mchuuzi ana sekunde chache na sauti ngeni sikioni. Pale ambapo usahihi wa mmoja unagongana na usalama wa mwingine, naona ni haki mzigo wa maelezo ubebwe na yule mwenye nafasi ya kuubeba.

Siamini kwamba neno litamzuia tapeli. Naye atajifunza istilahi mpya kama sisi, pengine mapema kutuzidi. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "nisomee kodi" na kumwambia "nipe ufunguo wako." Sentensi ya kwanza inaficha jambo linaloombwa, ila ya pili inalitamka. Huo ndio wajibu ninaouona kwa mwenye kuunda istilahi, na hauzidi hapo: ahakikishe kwamba anayetaka kudanganya kwa neno lake atalazimika kuutamka udanganyifu wake kwa Kiswahili ambacho anayedanganywa anakielewa.