Ulimi wa Kukodiwa

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kulaumu, ilhali ndani yake mna kanuni ya uadilifu: msikilizaji akishamjua aliyeiwamba ngoma, hujua pia namna ya kuisikiliza. Ndivyo lilivyo suala la mtangazaji anayelipwa aisifu bidhaa ya mdhamini kwa sauti yake mwenyewe, katikati ya kipindi chake. Je, neno lililonunuliwa laweza kuwa la kweli?

Wengi hujibu kuwa laweza, mradi msikilizaji aambiwe kuwa limelipiwa. Jibu hilo ni nusu tu. Mwezi wa Novemba 2022, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani pamoja na majimbo saba ilitangaza maafikiano na kampuni za Google na iHeartMedia. Katika miaka ya 2019 na 2020, watangazaji wa redio walisoma matangazo yaliyokaribia 29,000 ya simu ya Pixel 4, wakiisifu kwa nafsi ya kwanza kana kwamba ni simu yao ya kila siku. Tume ilidai kwamba matangazo mengi yalirekodiwa kabla watangazaji hao hawajapewa simu yenyewe. Maafikiano yalifikia dola milioni 9.4.

Shtaka hilo halikuhusu malipo yaliyofichwa. Lilihusu neno moja dogo, "mimi". Katika ushairi neno hilo halimdanganyi mtu: msomaji anajua kuwa nafsi neni ya shairi si lazima iwe mtunzi, na malenga aweza kulia kwa machozi ya mjane asiyemjua. Redioni hakuna mapatano ya namna hiyo. Mtangazaji akisema "mimi", msikilizaji humwona yeye na nyumba yake. Basi kweli zinazodaiwa hapa ni mbili: kweli ya malipo na kweli ya maisha. Moja haiwezi kuilipia deni nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mdhamini anauza chupa ya chai, naye ameleta maneno haya: "Mimi na familia yangu hatuwezi kuishi bila chupa hii, chai hukaa moto siku nzima!" Mtangazaji ni mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na chupa anayo kwa wiki moja tu. Akiyasoma kama yalivyo, ulimi utajikwaa, na wasikilizaji wake wa miaka watatambua kuwa mgeni amekalia kiti chake. Dawa ni kumwomba mdhamini hoja badala ya insha, kisha kuijaribu chupa na kuandika upya:

"Hili ni tangazo, mwenye chupa hii amenilipa niizungumzie. Nilitia chai saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita mchana iliniunguza ulimi. Saa mbili usiku ilikuwa vuguvugu, na kifuniko kilinishinda mpaka nikaita jirani. Tangazo limekwisha, turudi kwenye mazungumzo yetu."

Malipo yametajwa kwanza, kabla ya sifa, na kwa sauti ileile inayosifu, kwani aliyesikia kwa sikio hawezi kuambiwa kwa maandishi asiyoyaona. Tena yametajwa kwa jina lake. Fomula iliyozoeleka ya "kwa hisani ya" haitoshi hapa: hisani ni wema usiodai malipo, na hapa pamefanyika mauzo. Mwisho wa tangazo nao umewekewa alama, kwa sababu kadiri maneno yanavyofanana na mazungumzo ya kawaida, ndivyo mpaka unavyofutika. Anayefaulu kuiga sauti yake mwenyewe ana wajibu mkubwa zaidi wa kubainisha.

Mdhamini atataka kifuniko kiondolewe. Je, akubaliwe? Kunyamaza si kusema uongo, maadamu kimya hicho hakikigeuzi kilichobaki kuwa uongo. Tangazo likidai chupa ni rahisi kuifungua, au likiwalenga wazee wenye mikono dhaifu, basi kifuniko lazima kibaki. Lakini "siku nzima" isirudi kwa bei yoyote, kwa kuwa saa mbili usiku imekwisha kutoa ushahidi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo ubainifu hauliponyi. Aliyelipwa ndiye aliyechagua saa ya kuonja chai, na pengine asingeizungumzia kabisa lau si malipo. Anayesema "nimelipwa" hajawa hakimu kwa kusema hivyo; amebaki mwamba ngoma, ila sasa ameonyesha mkono wake unavutia upande gani.