Mwanangu, Hesabu Watu wa Kati

Mwanangu, kaa kidogo, chai bado ya moto. Najua umenuna. Kocha ameacha 4-3-3 amerudi 4-4-2, na wewe winga unatakiwa kushuka hadi kwa beki wako. Unasema ni mfumo wa wazee. Sikatai, lakini hesabu kwanza watu wa kati.

Kwenye 4-4-2 wako viungo wawili wa kati. Kwenye 4-3-3 wako watatu: namba 6 anakaa mbele ya mabeki, wenzake wawili wanapanda. Timu hizo zikikutana, mtu mmoja anabaki huru, na mara nyingi ni huyo namba 6. Chelsea ya Mourinho msimu wa 2004/05 iliishi hapo. Makelele alitulia nyuma, Lampard akaenda kufunga. Ligi nzima walifungwa mabao 15 tu.

Kiungo wako akimfuata namba 6, anaacha pengo mgongoni. Asipomfuata, jamaa anainua kichwa na kuchagua pasi. Ukiona viungo wenu wananyoosheana mikono, kila mmoja akimtuma mwenzake, jua mmeshazidiwa.

Dawa ipo, nayo ina gharama. Leicester ya Ranieri ilibeba ubingwa wa England 2015/16 kwa 4-4-2. Okazaki, mshambuliaji, alikuwa anashuka kumsumbua kiungo wa nyuma wa wapinzani, ili Kanté na Drinkwater wabaki na viungo wawili tu wa kukaba. Mawinga Mahrez na Albrighton walibana ndani. Mabeki wa pembeni hawakupanda ovyo. Pembeni wakaachiwa wapinzani, krosi zikaja, na Morgan na Huth wakaziondoa kwa vichwa. Vardy alibaki mbele akivizia mpira mrefu. Mabeki wa kati wasiojua kuruka wasingeuweza mpango ule.

Na hiyo 4-3-3 unayoililia, usidhani ni mapumziko ya winga. Beki wako akipanda na mpira ukapotea, nyuma yake ni uwanja mtupu. Namba 8 atalazimika kukimbilia huko, na kati kutabaki wawili, kama 4-4-2 ile ile. Mshambuliaji naye anabanwa na mabeki wawili, hana mwenzake wa kumgongea pasi. Mimi nilipokuwa winga, nilikuwa nasimama mbele nikisubiri mpira. Beki wangu akawa anapambana na watu wawili, winga wao na beki wao aliyepanda. Nilimlaumu yeye kwa mabao tuliyofungwa. Nilichelewa sana kuelewa.

Jumamosi mtamkuta namba 6 wao. Mwombe mshambuliaji wenu mmoja ashuke naye. Asiposhuka, wewe ingia ndani hatua chache, uifunge njia ya pasi. Lakini kabla hujaingia, mwite beki wako kwa sauti, ajue kuwa winga wao sasa ni wake peke yake.